Acheni Kuuliza Saiklotroni Ina MeV Ngapi

Wasee, kuna swali moja huwa naulizwa kila nikiposti kitu kuhusu saiklotroni za hospitali: "Hiyo mashine ina nguvu kiasi gani?" Ni kama vile watu huulizia gari sisi ngapi. Halafu mtu akisikia ya huku ni MeV 16 au 18 na kuna nchi iko na ya 30, anaanza kulia ati tumeuziwa ya bei rahisi. Mimi maoni yangu ni kwamba hilo swali limekaa vibaya. Kwa hizi dawa za kupigia picha saratani, nguvu ikizidi inaweza kuharibu kazi kabisa. Swali la maana ni: unagonga nini, na unakigonga ukiwa na nguvu gani?

Sisemi haya kwa sababu nilisomea fizikia tu. Mwaka mmoja shangazi yangu alisafiri usiku kucha kuja kupigwa picha ya PET, tumbo tupu kama alivyoagizwa, halafu asubuhi akaambiwa dawa ya siku hiyo haikutoka ya kutosha. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Si walijua nakuja? Kwa nini hawakutengeneza jana wakaweka?" Sitaitaja hospitali, na sina nia ya kumsema mtu. Lakini hilo swali ni zuri kuliko la MeV, kwa hivyo tuanze nalo.

Dawa yenyewe ni sukari iliyobandikwa florini-18. Nusu-uhai wake ni kama dakika 110, yaani kila dakika 110 zikipita, nusu ya iliyobaki imeisha. Sasa piga hesabu ya kutoka jana saa mbili asubuhi hadi leo saa mbili. Hizo ni nusu-uhai 13 na kitu. Gawanya kwa mbili mara 13 na unabaki na chini ya sehemu moja kwa 8,000. Hakuna friji ya kuzuia hiyo. Ndiyo maana lazima mashine iwe karibu na mgonjwa, na lazima ifanye kazi asubuhi hiyohiyo.

Ndani ya mashine kuna sumaku kubwa, na katikati yake masanduku mawili ya shaba yenye umbo la herufi D, yakitazamana na kuachiana pengo dogo. Protoni inaanzia katikati. Ikivuka pengo inasukumwa na umeme, ikiingia ndani ya sanduku sumaku inaipinda, inageuka nusu duara na kurudi kwenye pengo. Kufikia hapo umeme umebadilisha upande, kwa hivyo inasukumwa tena. Ni kama kusukuma mtoto kwenye bembea. Huhitaji nguvu nyingi, unahitaji kusukuma kwa wakati wake.

Huo wakati ndio siri yote, na unaandikwa hivi:

f = qB / (2πm)

B ni nguvu ya sumaku, q ni chaji ya protoni, m ni uzito wake, na f ni mara ngapi inazunguka kwa sekunde. Angalia kile hakimo: hakuna mwendo, hakuna ukubwa wa duara. Protoni ya ndani inatambaa kwenye duara dogo, ya nje inakimbia kwenye duara kubwa, na zote zinamaliza mzunguko kwa muda uleule. Kwa hivyo unaweza kuweka umeme unaobadilika kwa kasi moja isiyosonga na ukazisukuma zote. Ukiwa na sumaku ya tesla 1.4, hiyo kasi ni kama megahezi 21.3. Hili ndilo wazo Ernest Lawrence alilofanyia kazi kule Berkeley na mwanafunzi wake Stanley Livingston. Mwaka wa 1931 walifikisha protoni elektroni-volti 80,000 kwa kachombo ka upana wa kama inchi nne na nusu, na umeme wa kusukuma haukufika hata volti 2,000.

Lakini bembea haisamehi. Tuseme kila mzunguko unaongeza MeV 0.1 na unataka kufika 16.5. Hiyo ni mizunguko 165. Sasa kasi ya umeme ikikosana na ile ya protoni kwa sehemu moja tu kwa elfu, kila mzunguko unaachwa nyuma kidogo sana, lakini mara 165 umeachwa karibu digrii 60. Unaanza kusukuma bembea ikiwa tayari imepita. Ikifika digrii 90 husukumi tena, na ikipita hapo unaivuta nyuma.

Sasa ongeza hii: protoni ikienda mbio, Einstein anaingia na uzito wake unapanda. Kwa MeV 16.5 umepanda karibu asilimia 1.8, na huo uzito uko chini ya mstari kwenye formula, kwa hivyo protoni inachelewa. Nikifuata mfano wetu, na sumaku iwe sawa kila mahali, protoni iliyoanza sawasawa na kilele cha umeme inafika digrii 90 karibu mzunguko wa 68, kabla hata ya MeV 7. Dawa yake ni kutengeneza sumaku ambayo nguvu yake ya wastani inaongezeka kidogo ukienda nje, ili B ipande pamoja na m. Na ili miali isitawanyike juu na chini, uso wa chuma hukatwa vilima na mabonde. L. H. Thomas alipendekeza hivyo mwaka wa 1938, na saiklotroni za hospitali za leo zinafuata wazo hilo.

Hii pia ndiyo sababu asubuhi ya kwanza huwa na kazi. Chuma cha sumaku kikipata joto, B inasonga kidogo. Fundi anaona mwale unaofika mwisho unapungua huku chanzo cha ioni kiko sawa, na anarekebisha mkondo wa sumaku polepole hadi mwale urudi kileleni.

Sasa nguvu inatoka wapi? Inatoka kwa sumaku na upana. Kwa tesla 1.4, protoni iliyofika sentimita 42 kutoka katikati iko na kama MeV 16.5, basi. Umeme wa kwenye pengo ukiwa mdogo, itachukua mizunguko mingi zaidi kufika hapo, lakini nguvu ya mwisho ni ileile. Kwa hivyo ukishanunua mashine ya aina hii, nguvu ya mwale umeshainunua nayo. Kinachobaki mikononi mwako ni shabaha, na unachoweka mbele yake.

Kwa florini-18, shabaha ni maji. Si ya mfereji: ni maji ambayo oksijeni yake karibu yote ni oksijeni-18, wakati kwenye maji ya kawaida hiyo ni kama asilimia 0.2 tu. Protoni inaingia, nyutroni inatoka, umepata florini-18. Mmenyuko huu unahitaji angalau MeV 2.6, na unashika vizuri zaidi karibu na MeV 5. Sasa utaniuliza, mbona basi tusirushe kwa MeV 5? Kwa sababu protoni haigongi mara moja ikaisha. Inapenya ndani ya maji ikipoteza nguvu njiani, na kila hatua ni nafasi ya kugonga. Ukiingia na 16, unapita 12, 8, 5, na unavuna njia yote, na safari nzima kwenye maji ni chini ya milimita 3. Mashine za MeV 11 hutengeneza florini vizuri tu, ila kwa mwale uleule zinavuna kidogo kuliko za 16.

Chukua mwale wa mikroampia 40 kwa MeV 16.5. Zidisha: hizo ni wati 660 za joto, ndani ya mililita chache za maji. Yachemshie kwenye sufuria na yameisha sasa hivi. Kwa hivyo kachombo hufungwa kwa shinikizo kubwa na kupozwa kwa maji mengine kutoka nyuma, na mwale huingilia kwenye dirisha la foili nyembamba sana ya chuma. Yakichemka kupita kiasi, mapovu yanafungua njia, protoni zinapita bila kugonga oksijeni, na mavuno yanashuka. Foili ikipasuka au shinikizo likianza kuanguka, unasimamisha. Siku kama hiyo ndiyo mgonjwa anaambiwa "haikutosha," na si lazima kuwe na mtu aliyelala kazini.

Sasa turudi kwa MeV. Kuna isotopu nyingine, galiamu-68, inayotumika kwa saratani ya tezi dume na uvimbe fulani wa homoni. Unaweza kuitengeneza kwa kugonga zinki-68: protoni ndani, nyutroni moja nje. Lakini ukivuka kama MeV 12.2, mlango mwingine unafunguka. Nyutroni mbili zinaweza kutoka, na unapata galiamu-67. Nusu-uhai wa ile unayotaka ni dakika 68. Wa hii usiyoitaka ni zaidi ya siku tatu. Na zote mbili ni galiamu, kwa hivyo hakuna kemia ya kuzitenganisha. Ukishazichanganya, zimeoana.

Tuseme umetoka na uchafu wa asilimia 0.2 tu. Inaonekana safi. Lakini galiamu-68 inajigawa nusu kila dakika 68 huku mwenzake ametulia. Nusu-uhai tatu zikipita uchafu uko karibu asilimia 1.6, na ya nne ikipita umepita 3. Kanuni za dawa za Ulaya zinaruhusu jumla ya asilimia 2 kwa galiamu-66 na 67 pamoja. Umepoteza dawa ambayo bado ingetumika, na mgonjwa angepata mnururisho usiomsaidia kwenye picha.

Kwa hivyo mwenye mashine ya MeV 16.5 hufanya nini? Anaweka kipande cha chuma chembamba mbele ya shabaha, kwa makusudi, ili nguvu ishuke hadi chini ya 14. Juu kidogo ya mlango uchafu bado ni mdogo, na mavuno ni mazuri. Yaani analipia stima ya kupandisha protoni, halafu anaiziba ishuke. Huo si ujinga, ndiyo kazi yenyewe.

Nairobi leo kuna saiklotroni, Aga Khan na pale Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mkitaka kuzijadili kwa komenti, ulizeni shabaha gani zinagongwa, dozi ngapi zinatoka kwa mzunguko mmoja, na foili na maji ya oksijeni-18 yakiisha yanachukua muda gani kuletwa. Majibu ya hayo ndiyo yanaamua kama mtu aliyesafiri usiku kucha atapigwa picha au atarudishwa nyumbani.