“Niambie Tu Nifanye Nini”

Mgeni kutoka nyumbani alifika kwetu hapa Gothenburg wiki iliyopita, akamkuta mume wangu sebuleni anakunja nguo za watoto. Akanigeukia akasema, “Shoga, umebahatika. Mwenzio anakusaidia sana.” Sifa hiyo imenikera mpaka leo. Mikono ya kukunja aliiona. Aliyegundua kwamba suruali zimebana, akatafuta za saizi inayofuata na kuzinunua kabla baridi haijaingia, hakumwona.

Sweden inastahili heshima yake. Tangu 1974 likizo ya uzazi hapa ni ya wazazi wote wawili. Leo wanagawana siku 480 kwa kila mtoto, na siku 90 kati ya hizo ni za kila mzazi peke yake. Baba asipozitumia hawezi kumpa mama, zinapotea. Ndiyo maana asubuhi ya Jumanne unawakuta wanaume wanasukuma vigari vya watoto kwenye theluji, begi la nepi begani, na hakuna anayewashangaa. Mtoto akiugua, mzazi yeyote anaweza kukaa naye na kulipwa sehemu kubwa ya mshahara. Kwetu Tanzania sheria inampa mama siku 84, baba zisizopungua 3. Siku 3, mtoto hata kitovu hakijadondoka!

Lakini siku hugawa muda tu. Mume wangu alikuwa anabaki na mtoto mgonjwa, nami kazini simu haipoi: kipimajoto kiko wapi, dawa anywe kiasi gani, chekechea wamearifiwa? Yeye yuko nyumbani na mtoto, mimi niko kazini na ugonjwa.

Mwanasosholojia Allison Daminger aliwahoji jozi 35 za wenzi huko Marekani, akachapisha matokeo mwaka 2019. Aliigawa kazi hii ya kichwani katika hatua nne: kuona mbele kitakachohitajika, kutafuta njia, kuamua, na kufuatilia kama jambo limefanyika. Kuamua ndiko wenzi wengi walikokufanya pamoja. Kuona mbele na kufuatilia kuliwaangukia zaidi wanawake, na hatua hizo mbili ndizo zisizoonekana.

Chukua nguo za baridi za chekechea. Watoto hapa hutolewa nje hata mvua ikinyesha, kwa hiyo kila mtoto anahitaji ovaroli ya theluji, nguo za mvua, glavu zisizopitisha maji, soksi za sufu na nguo za akiba kwenye sanduku lake. Agosti lazima mtu akumbuke kumpima mtoto. Kisha alinganishe maduka na mitumba, anunue, aandike jina kwenye kila glavu, na kila Ijumaa achungulie sanduku. Mume wangu alikuwa anasema, “Niambie tu ninunue nini.” Kununua ni nusu saa. Kilichobaki chote kilikuwa changu.

Basi usiku mmoja, watoto wamelala, tuliandika kazi zote za nyumba, hata za kukumbuka. Hatukugawa nusu kwa nusu. Alichukua nguo na magonjwa, mwanzo hadi mwisho, na tukakubaliana kiwango: mtoto awe mkavu, awe na joto, na akiba isikosekane sandukuni. Rangi na duka havinihusu tena. Kwenye orodha ya mawasiliano ya chekechea namba yake ikawekwa juu ya yangu, maana walikuwa wananipigia mimi kwanza hata siku aliyokuwa mapumzikoni.

Sharti gumu lilikuwa langu la kutokumbusha. Ukimkumbusha mtu kila Ijumaa, kazi ya kufuatilia imerudi kwako. Kuna jioni mtoto alirudi na glavu zilizoloa kwa sababu hakukuwa na za akiba. Nilinyamaza. Kesho yake baba mtu alinunua jozi mbili bila mimi kufungua mdomo. Hapo ndipo nilipojua kazi imehama: hakuuliza.

Mama mkwe aliposikia akaniambia kwa simu, “Mwanangu, si utafute dada wa kazi?” Nyumbani hilo ndilo jibu la kila jambo. Lakini nani anajua sukari inaisha lini, nani anampangia dada kazi, nani anatafuta mwingine dada akiondoka kwenda kwao? Tunaajiri mikono, na mama anapata mtu mmoja zaidi wa kumfikiria.

Na bado kuna daftari moja: michango. Harusi ya binamu wa mume wangu, arobaini ya mjomba wake, ada ya mtoto wa dada yake. Wanaonitumia ujumbe ni ndugu zake, wa kukumbuka tarehe ni mimi. Ndugu ni wake, simu anayo. Hilo ndilo tunaloliweka mezani mwezi huu, nami sishuki.