Kikwembe kimoja, sura nyingi

Wamama, kila tunapochagua kikwembe cha 8 Machi hapa Kapalata, tunabishana juu ya rangi. Safari hii tulikipima nje kivulini, si chini ya taa ya duka. Tulikiweka chini ya kidevu, tukatazama uso, si kitambaa. Rangi ya limau ilimpendeza mama mweusi sana, lakini mwenzake mweupe alionekana kama mgonjwa. Bazeni ilizidisha hayo, maana inang'aa na kurudisha rangi usoni. Pamba isiyong'aa huituliza. Basi tulichukua waksi ya rangi ya embe bivu, na kila mama akachagua utepe wa shingo ya bluzi: buluu nzito au nyekundu ya matofali. Sketi haisumbui, iko mbali na uso.