Kofi la Mwanzo na Kofi la Mwisho

Tulimrekodi bibi mmoja wa Kipemba kwa saa nzima, nyumbani kwa mwanawe, International City, Dubai. Kamera ilichukua picha, kinasa sauti kikakaa mezani karibu na birika. Mwanzoni na mwishoni tulipiga kofi mbele ya kamera. Kwenye kompyuta kofi la kwanza lilikaa sawa, lakini kufikia dakika ya 50 maneno ya bibi yaliachwa nyuma na midomo yake.

Kila chombo huhesabu muda kwa kipande chake cha kwatzi, na havikimbii sawasawa. Kwa hiyo kuisogeza sauti yote hakufai. Ukiponya mwisho, unaharibu mwanzo. Tukapima kutoka kofi hadi kofi: picha sekunde 3600, sauti 3600.16. Tukagawanya sauti kwa picha, tukapata kasi mpya:

```
sox bibi.wav sawa.wav speed 1.0000444
```

Sauti hupanda kidogo mno, sikio halitambui. Tukapanga upya kofi la kwanza, na la mwisho likajipanga lenyewe. Kisha tukakagua katikati, kwenye herufi za midomo kama b na p. Pakipishana hapo ilhali ncha zote mbili zimekaa, tatizo si mwendo wa saa: kuna kipande cha sauti kilichoruka, nacho hutafutwa na kurekebishwa pale pale kilipokatikia.