Kodi mbili zinapokutana

Najua blogu imelala wiki mbili. Nipo Nachingwea kwa mazoezi ya kufundisha, mtandao kusuasua na madaftari ya kusahihisha mlima. Wiki hii nimepewa kidato cha tatu, mada ya duara. Kwa Kiswahili sanifu mstari ulionyooka unaounganisha nukta mbili za duara ni ugwe, ila darasani tunatamka "kodi", na dogo mmoja nyuma akauliza TRA wanahusikaje. Tukacheka, tukaendelea.

Swali lenyewe hili. Nyugwe mbili, AB na CD, zinakatana ndani ya duara kwenye nukta P. AP ni sm 8, PB ni sm 3, CP ni sm 6. PD ni ngapi? Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 5. Wamejumlisha: 8 na 3 ni 11, toa 6, inabaki 5. Maana yake wamechukulia kwamba nyugwe zote zinazopita P zina urefu sawa. Lakini ule unaopita pia kwenye kitovu cha duara ni kipenyo, ndio mrefu kuliko wote, na ukiuzungusha rula pale P urefu unabadilika. Kinachobaki palepale ni zao la vipande viwili. 8 × 3 ni 24, kwa hiyo 6 × PD nayo ni 24, na PD ni sm 4.

Kwa nini iwe kuzidisha? Unganisha A na C, kisha D na B. Unapata pembetatu mbili, APC na DPB. Pembe zao pale P zinatazamana, kwa hiyo ni sawa. Pembe ya A na pembe ya D zote zinatazama tao lilelile la CB, nazo ni sawa. Basi pembetatu zina umbo moja, ukubwa tofauti tu, na pande zake ziko kwenye uwiano: AP kwa DP ni kama CP kwa BP. Zidisha mkingamo, umemaliza. Yukilidi aliithibitisha kwenye kitabu chake cha 3, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Sasa sikieni ya Jumamosi. Nilikwenda Ruangwa kwa mjomba, mwenye mashine ya kusaga. Puli ya injini imepasuka vipande vitatu, na viwili vimeshaondoka na watu wa chuma chakavu. Siku ya nne hiyo mashine imelala, kina mama wanapita na debe zao za mahindi kwenda kwingine. Fundi anataka kipenyo kabla ya kuagiza. Puli ikizidi, mashine inazunguka kasi kuliko inavyotakiwa. Ikipungua, inasaga kwa kusinzia.

Nikalaza kipande juu ya manila, nikachora ukingo wake wa nje, penseli ikiwa wima. Nikakata ugwe wa sm 24, nikapata katikati, sm 12 kila upande. Kutoka hapo nikapandisha mstari wa pembe mraba hadi kwenye tao: sm 6. Mstari huo ukiurefusha upande wa pili lazima upite kwenye kitovu, kwa hiyo wenyewe ni kipenyo. Sehemu isiyokuwepo tuiite x. 12 × 12 = 6 × x, yaani x ni 24. Jumlisha 6, kipenyo ni sm 30.

Mjomba akauliza, "Sasa kwa nini usitumie kipande kidogo tu cha tao, si duara ni lilelile?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki nzima. Kwa puli hiyohiyo, ugwe wa sm 12 unainuka sm 1.25 tu. Penseli ikikudanganya ukasoma 1, unapata 36 + 1, kipenyo sm 37! Kosa hilohilo la milimita mbili na nusu kwenye ugwe wa sm 24, ukisoma 5.75 badala ya 6, linakupa sm 30.8 hivi. Chukua ugwe mrefu kadiri kipande kinavyoruhusu, kisha rudia sehemu nyingine ya ukingo. Majibu yakipishana sana, ama umechora vibaya ama ukingo umelika.

Nilirudia, ikaja 30 tena. Fundi akatazama manila, akapima kwa macho, akasema, "Hiyo ni inchi 12, ticha." Inchi 12 ni sm 30.5. Akaondoka kwenda kuagiza.