Mwisho wa Makala Uliomwacha Msomaji Njiani



Ndugu zangu, leo naomba nizungumze na wale wanaoandika. Najua humu mpo walimu wa madrasa, wapo vijana wanaoandaa darsa, wapo wanaoandika mawaidha ya kutuma kwenye makundi ya familia. Nataka niwasimulie kosa langu mwenyewe, maana kosa la mtu mwingine ni rahisi kulisimulia na halifundishi sana.

Niliwahi kuandika hapa makala ndefu kuhusu deni la maiti. Niliiandaa kwa siku nne. Nilianza na swali: mtu akifa na deni, nani analipa? Kisha nikaeleza kwa vichwa saba. Nikaeleza kwamba mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane kinachobaki. Nikataja kwamba aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Nikaeleza habari ya mashahidi, ya amana, ya mahari ambayo mke hajalipwa, na nyinginezo.

Nilipofika mwisho nilikuwa nimechoka. Nikaandika hivi: "Kwa kumalizia, tumeona maana ya deni, tumeona uzito wake, tumeona utaratibu wa mali ya marehemu, tumeona umuhimu wa kuandika, tumeona mashahidi, tumeona amana, na tumeona mahari. Basi sote tuwe makini na madeni. Allah atuwafikishe." Nikatuma. Watu wakajibu mashaallah, jazakallahu khayran, wengi sana. Nikafurahi.

Wiki chache baadaye akafariki mzee mmoja wa mtaani kwetu, muuza mbao. Siku ya tatu mjane wake akaniita. Walikuwa wamekuja watu wawili kudai. Mmoja alikuwa na karatasi yenye saini. Wa pili alidai laki nane na hakuwa na kitu, ila aliapa kwamba walipatana kwa mdomo. Yule mama akaniambia, "Shehe, makala yako aliisoma. Alinisomea na mimi, usiku, tukiwa tumekaa hapa. Akasema shehe kaeleza vizuri. Sasa huyu wa pili, alimdai kweli au hakumdai?"

Sikuwa na jibu. Kisharia anayedai ndiye anayeleta ushahidi, na hilo nililisema. Lakini mama hakuwa anauliza sharia. Alikuwa anaogopa kwamba mumewe amelala kaburini na deni la kweli, na yeye hana njia ya kujua.

Nilirudi nyumbani nikaifungua ile makala. Sisemi kwamba ningeiandika vizuri zaidi yule mzee angeandika madeni yake. Ajuaye hilo ni Allah. Lakini nilijiuliza: mtu aliyekaa na mkewe usiku, amesoma mpaka mstari wa mwisho, amekubali kila neno, mimi nimemwambia afanye nini? Nimemwambia awe makini. Kuwa makini si kazi ambayo mtu anaweza kuinuka akaifanya.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza upya jinsi ya kumaliza.

Kwanza nililitazama lile neno "tumeona". Nimelitumia mara saba kwa vichwa saba. Nilichofanya ni kumsomea msomaji orodha ya vichwa vya makala ambayo ametoka kuisoma dakika hiyo hiyo. Mazoea haya nadhani nimeyatoa mimbarini. Msikilizaji wa khutba hawezi kurudi nyuma; neno likimpita limempita, kwa hiyo khatibu akirudia anamsaidia. Msomaji hayuko hivyo. Akitaka kuona tena kichwa cha tatu atapandisha kidole tu. Ukimrudishia yote, macho yake yanaruka, na akisharuka hapo ataruka pia lile neno moja ambalo ulitaka alichukue.

Kwa hiyo muhtasari wa maandishi ni kulijibu lile swali la mwanzo, kwa sentensi moja au mbili, kwa namna ambayo hukuweza kulijibu mwanzoni kwa sababu msomaji alikuwa hajapita njia yote. Njia ninayoitumia sasa ni hii. Nikimaliza kuandika nafunga simu, naenda kuswali au kufanya shughuli nyingine. Nikirudi, bila kuitazama makala, najiuliza: kama mtu angenikamata mlangoni akaniuliza ile makala yako inasema nini, ningemjibu nini kabla hajavaa viatu? Jibu hilo naliandika. Mara nyingi halina hata nusu ya vichwa vyangu, na ndivyo inavyotakiwa. Habari ya mashahidi na ya amana zilikuwa za kunifikisha kwenye jibu. Zimemaliza kazi yake kule kule juu.

Kwa makala ya deni, jibu lilitoka hivi: deni lako litalipwa kutoka kwenye mali yako kabla mrithi hajagusa chochote, lakini kwa sharti moja, kwamba lijulikane.

Mtaona ndugu zangu kwamba maneno "kwa sharti moja, kwamba lijulikane" hayapo katika kichwa chochote kati ya vile saba. Yanatokana na vichwa vyote vikiwekwa pamoja. Huo ndio muhtasari. Kama sentensi yako ya mwisho unaweza kuikata na kuibandika kama ilivyo kutoka aya ya juu, bado umerudia, hujajumlisha.

Kisha likaja jambo la pili, hatua ya kuchukua. Hapa nilikosea tena kwa upande wa pili. Katika jaribio la pili niliandika: tengeneza orodha ya madeni, tafuta mashahidi wawili waadilifu, muone mwanasheria, fungua jalada la nyumbani, kaa na familia uwaeleze. Yote ni mazuri. Nikamwonyesha kijana wetu mmoja wa bodaboda, nikamuuliza utaanza lini. Akacheka, akasema, "Shehe, hii ni kazi ya mwezi mzima. Nitaanza nikipata nafasi." Nikajua nimeshindwa. Hatua tano kwa pamoja humpa mtu ruhusa ya kuahirisha zote.

Nikajiuliza: katika hizi tano, ipi ikifanyika peke yake itamwondolea yule mjane swali lake? Ilikuwa moja tu. Nikafuta nne, nikaiandika iliyobaki kwa vitu ambavyo mtu anavyo nyumbani na kwa saa inayojulikana. Mwisho mpya ulikuwa huu:

"Tulianza kwa kuuliza nani atalipa deni langu nikifa. Litalipwa kutoka kwenye mali yako kabla mrithi hajagusa chochote, kwa sharti moja, kwamba lijulikane. Basi leo baada ya Isha chukua daftari lolote la nyumbani, andika kila anayekudai: jina lake, kiasi, na tarehe mliyopatana. Ukimaliza, mwambie mtu mmoja wa nyumbani daftari liko wapi."

Sentensi nne, basi. Makala yenyewe ilikuwa na maneno kama elfu moja na mia nne, na mwisho haukufika hamsini na tano. Ile sentensi ya daftari liko wapi nilitaka kuifuta, nikaona ni sehemu ya kazi ile ile, kwa sababu orodha isiyojulikana ilipo haina tofauti na orodha isiyoandikwa.

Angalieni pia nilichokiacha. Sikuongeza dalili mpya. Wengi wetu tukifika mwishoni tunakumbuka hadithi nzuri tuliyoisahau, tunaichomeka hapo. Mimi nilitaka kuweka hadithi ya Ibn Umar, ile inayomkataza Muislamu mwenye kitu cha kuusia kulala siku mbili bila wasia ulioandikwa. Nikaona ni ya juu, nikaipeleka kwenye kichwa cha kuandika. Jambo jipya likija mwishoni msomaji anadhani safari inaanza tena. Na kama hatua unayomwambia inahitaji maelezo mapya, basi maelezo hayo yalikosekana katikati. Rudi uyaweke huko.

Kuna vipimo viwili ninavyovitumia kabla sijatuma. Cha kwanza, nauchukua mwisho ule nauweka chini ya makala nyingine, tuseme ya udhu au ya malezi. Kama unakaa vizuri huko, basi haukuwa wa makala hii. "Tuwe makini, Allah atuwafikishe" unakaa popote. Cha pili, nampa mtu asome mwisho peke yake. Akiniambia sasa sina haja ya kusoma ya juu, nimerudia mno. Akiniuliza kwa nini daftari, nimefika, kwa sababu jibu lake liko juu.

Si kila makala ina kazi ya usiku huo. Ukiandika historia ya mwanachuoni, usimlazimishe mtu hatua ya bandia. Mwachie swali moja la kwenda nalo. Na pale hali za watu zinapotofautiana, kama katika kugawa mirathi, usitoe amri moja kwa wote. Hapo hatua sahihi ni kumtuma kwa mjuzi, na umwambie aende na nini mkononi: majina ya warithi wote walio hai na orodha ya madeni.

Nilipoituma tena ile makala na mwisho mpya, mashaallah zilipungua. Yalikuja maswali badala yake. Mmoja akauliza, shehe, mahari ya mke wangu sijamaliza, niiandike humo humo? Nikamjibu iandike, ni deni kama mengine. Mwingine akauliza kuhusu fedha za mchezo anazozishikilia za wenzake. Maswali ya namna hiyo hayaulizwi na mtu aliyekaa tu, yanaulizwa na mtu aliyeshika kalamu.

Basi ndugu yangu mwandishi, nilichojifunza kwa yule mama ni kwamba msomaji akikubaliana nawe bado hujammaliza, mpaka ajue mkono wake uende wapi. Usiku huu fungua makala yako ya mwisho, soma aya ya kumalizia tu, na ufute kila sentensi inayoweza kukaa chini ya makala nyingine. Kitakachobaki, hata kama ni ukurasa mtupu, anzia hapo.

Wabillahi tawfiq.