Kanuni niliyoisoma nusu

Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha akina mama, Msambweni. Tuko 24, tunakutana kila Alhamisi alasiri chini ya mkanju ulio nyuma ya nyumba ya mweka hazina. Haya ninayoyaandika nilishayasema mbele ya wenzangu kwa mdomo, lakini sikuyasema yote.

Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi limekaza. Anayeijua pwani yetu anajua maana yake: bahari inachafuka, ngalawa zinalala mchangani Mkunguni, na mama karanga anayekaanga samaki apate riziki anakaa na karai tupu. Mwenzetu mmoja ni mama karanga. Mwezi wa Mei alikopa 15,000 za mtaji, akalipa 6,000, kisha samaki wakaadimika. Hadi usiku ninaousimulia alikuwa amebakiwa na deni la 9,000, na alikuwa amepitisha siku yake ya kulipa kwa wiki mbili.

Saa tatu na dakika arobaini usiku nilikuwa ndani ya matatu nikitoka Ukunda, nimefunga kibanda changu cha leso. Simu ikalia. Alikuwa ameandika kwenye WhatsApp ya kikundi: "Jamani wenzangu samahani kwa usiku. Mwanangu ameanguka mnazini, mkono umevunjika. Naomba mnikopeshe 10,000, samaki wakianza kuingia nitalipa."

Nilijibu kabla matatu haijafika kituo kilichofuata. Nayanakili maneno yangu kama yalivyo, kwa sababu bado yamo kwenye simu: "Pole. Kanuni ya 9: mwenye deni hakopi. Una salio la 9,000 na umechelewa wiki mbili. Maliza kwanza. Tuonane Alhamisi."

Kanuni ya 9 ipo. Hesabu ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Ndiyo maana nililala usingizi mzuri usiku ule, na ndiyo maana nilichelewa sana kuliona kosa langu.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zake zinashikwa na wanachama watatu wasio na cheo chochote. Utaratibu huu wa kuweka na kukopeshana umetokana na ule ulioanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, na sisi tulifundishwa na mkufunzi aliyekuja hapa kijijini. Ndani ya sanduku mna mifuko miwili ya kitambaa. Mmoja ni wa hisa. Hisa moja ni shilingi 200, mtu hununua kati ya moja na tano kila Alhamisi, na humo ndimo inamotoka mikopo: hadi mara tatu ya ulichoweka, kwa ziada ya shilingi 5 kwa kila 100 kwa mwezi. (Wapo wenzetu wanaoiona ziada hiyo kuwa ni riba. Hao huweka tu, hawakopi, na wakati wa mgao huchukua kile walichoweka bila kugusa faida. Nawaheshimu kwa hilo.) Mfuko wa pili, wa rangi ya kijani, ni mfuko wa jamii. Kila mmoja hutia shilingi 50 kila wiki, na fedha hizo hazizai chochote.

Yule dada hakutaja mfuko wowote. Mtu aliyebeba mtoto aliyevunjika mkono hachagui maneno. Alisema "mnikopeshe", nami nikalishika neno hilo, nikaenda moja kwa moja kwenye mfuko wa hisa na kanuni zake, nikaufunga mlango. Ule wa kijani haukunijia kabisa. Kwa miezi saba tulikuwa tumeufungua mara tatu tu, zote za msiba, 5,000 kila mara. Kwa mazoea tukawa tunauita "mfuko wa msiba", na jina hilo likaifuta kanuni yenyewe vichwani mwetu. Kanuni ya 14, niliyoiandika kwa mkono wangu tulipokuwa tunatayarisha katiba ya kusajili kikundi, inasema hivi: msiba, moto wa nyumba, au ugonjwa na ajali ya ghafla, hadi 6,000, bila ziada, kurudishwa ndani ya wiki nane, na deni la hisa si kizuizi.

Deni la hisa si kizuizi. Tuliliweka neno hilo makusudi, kwa sababu dharura huwapata zaidi wale ambao tayari wana deni.

Basi tufanye hesabu ambayo nilipaswa kuifanya usiku ule. Watu 24 kwa shilingi 50 ni 1,200 kwa wiki. Wiki 28 zilikuwa zimepita tangu mzunguko wetu uanze, yaani 33,600. Toa 15,000 za ile misiba mitatu, zinabaki 18,600 kwenye mfuko wa kijani. Kati ya hizo alikuwa na haki ya 6,000 usiku uleule. Zilizobaki ni 4,000, na wenzake 23 wangechanga 200 kila mmoja zingepatikana na zaidi. Na kufungua sanduku usiku kanuni inaruhusu: mwenyekiti awepo, washika funguo wote watatu wawepo, mashahidi wasipungue watano, utolewe mfuko wa kijani peke yake, zihesabiwe kwa sauti na kuandikwa papo hapo. Washika funguo wawili wanakaa jirani na mweka hazina. Wa tatu yuko Milalani, mwendo wa bodaboda. Kwa kukadiria, saa moja ingetosha.

Hakuna aliyenisahihisha. Nililiona jambo hili baadaye nilipoyasoma tena mazungumzo yale: baada ya jibu langu watu wawili walituma alama ya mikono ya dua, halafu kimya. Katibu akishataja namba ya kanuni, nani atabisha? Mwenyekiti mwenyewe aliniambia alikuwa anaandika "tumsaidieje", akalifuta baada ya kuniona nimejibu.

Na liko jambo ambalo mbele ya kikundi sikulisema. Katika Ramadhani iliyopita, mwenzetu mwingine mwenye deni alipewa mkopo wa pili wa hisa. Ni ndugu wa kiongozi. Mimi ndiye niliyeuandika kitabuni. Kwa hiyo nilipoandika "mwenye deni hakopi", kana kwamba ni ukuta usiowahi kupitwa na mtu, nilikuwa najua tulikwisha kuuruka. Sikudanganya kuhusu kanuni; nilidanganya kuhusu jinsi tunavyoitumia. Na yule dada alikuwapo mkutanoni siku hiyo ya Ramadhani, ameketi mkekani, anatazama.

Usiku ule mtoto alionwa kwanza kwenye kituo cha afya. Mfupa ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kiwiko. Vidole vilikuwa baridi, na rangi imepauka, dalili kwamba huenda damu haifiki vizuri mkononi, wakaambiwa wasingoje asubuhi. Mama yake alikopa kwa simu alichoweza. Kisha akagonga kwa jirani, akamuuzia karai lake kubwa na jiko, saa tano za usiku, kwa bei ambayo mtu hukubali saa tano za usiku. Mtoto alifanyiwa upasuaji, mfupa ukashikizwa kwa nyaya, mkono ukapona. Kidole cha shahada kilikaa miezi kadhaa hakikunji sawasawa. Daktari alimweleza mama kwamba mshipa wa fahamu huweza kuumia palepale mtoto anapoanguka, kwa hiyo sisemi ni sisi. Ila karai ni sisi.

Jeraha jingine lilitoka kwenye ile "9,000". Nilidhani nimeandikia wanachama 24. Lakini kwetu simu si ya mtu mmoja: wapo wanaotumia za waume zao, wapo wanaosomewa ujumbe na watoto. Kufika asubuhi mama mkwe wake alikuwa amekwisha kusikia habari ya deni ambalo hakuwa akilijua. Salio la mtu kitabuni husomwa mkutanoni, mwenyewe akiwapo na kitabu chake mkononi, aweze kusema "hapana, hapo mmekosea". Mimi nililitangaza usiku, mwenyewe yuko kituo cha afya na hana nafasi ya kujibu.

Kosa nililigundua Alhamisi ya pili yake, yule dada alipokosa kuja, kitabu chake akakileta mtoto wa jirani. Mweka hazina, mama mtu mzima asiyesoma ila amezishika kanuni zote kwa kichwa, aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, ule wa kijani ulikuwa umeisha?" Nikafungua katiba palepale. Nilisoma kanuni ya 14 kimyakimya mara mbili, kisha nikainuka nikaisoma kwa sauti.

Tuliazimia apelekewe 6,000 siku hiyohiyo. Nilikwenda mimi na mwenyekiti. Alizipokea, akahesabu, akatia sahihi. Nikamwambia, "Nimekukosea kwa mambo mawili: nilikunyima kilicho haki yako, na nilikuvunjia sitara." Akanijibu, "La pili ndilo lililoniuma, dada." Habari ya Ramadhani sikuigusa. Niliogopa kuzusha ugomvi na uongozi, nikauita woga huo busara.

Tangu siku hiyo nina jibu nililoliandika na kulibandika ndani ya jalada la daftari, ili hata nikiwa matatuni niwe na pa kuanzia. Lingekuwa la kwake lingesomeka hivi: "Pole sana dada, tumekusoma. Kanuni ya 14 inaruhusu hadi 6,000 kutoka mfuko wa jamii, bila ziada, kurudishwa ndani ya wiki 8. Mwenyekiti na washika funguo wanapigiwa simu sasa, jibu utalipata kabla ya saa nne na nusu. Kinachobaki, mwenye uwezo amtumie mweka hazina. Mambo ya kitabu chako tutayazungumza mimi na wewe. Nakupigia." Kila sentensi imetoka mahali ambapo nilikosea. Kiasi nakitaja ili asijenge tumaini la 10,000 akapata pungufu. Saa naitaja kwa sababu mtu aliye kituo cha afya anahitaji kujua angoje au atafute kwingine. Hata "hapana" ikimfikia mapema ina faida kwake. Na deni halitajwi.

Tena silituma kabla sijampigia mwenyekiti, kwa sababu kuamua si kazi ya katibu. Kazi yangu ni kusema kanuni inaruhusu nini na inakataza nini, yote mawili. Usiku ule nilisema la kukataza peke yake.

Mgao ulipofika mwezi wa Disemba alikuja. Alikuwa amezirudisha zile 6,000, na deni la hisa alilimaliza kusi lilipotulia na samaki kurudi. Alipokea fungu lake, akahesabu mara mbili, akaaga kila mtu kwa adabu. Vitabu vya mwaka mpya vilipogawiwa, chake nilikiandika jina kama vya wengine. Kimo sandukuni hadi leo, ukurasa wa kwanza haujapigwa muhuri, na ile habari ya Ramadhani bado sijamwambia.