Kilo Nne za Simsim, Baridi ya Nyeri na Pesa ya Mathe

Wasee, kabla hamjaniuliza kwa nini nimepotea wiki mbili: nilikuwa jikoni nikipigana na simsim. Na nilikuwa nimekopa pesa ya chama ya mathe, elfu mbili, ambayo alikuwa aipeleke Jumapili. Kwa hivyo hii si stori ya "jaribu hii nyumbani ni raha." Hii ni stori ya deni.

Ilianza hivi. Kuna kafe moja Nanyuki inayouza humusi kwa watalii wanaopanda mlima. Humusi ni ile rojo ya dengu kubwa nyeupe, si ndengu zetu za kijani, na haiwezi kuitwa humusi bila tahini, yaani simsim iliyosagwa mpaka ikawa laini kama siagi ya njugu. Mpishi wao aliniambia tahini ya dukani ni ghali na mara nyingine inakosekana. Mimi na mdomo wangu nikasema, "Mimi nitakutengenezea." Nilikuwa nimeona vidio moja tu. Dakika nne.

Huku kwetu simsim hailimwi, ni baridi sana. Inatoka Uganda na upande wa Busia, nyingine Pwani. Nilienda soko la Karatina nikapata mama anayeuza na njugu, kilo kwa mia tatu hamsini. Nikachukua nne, 1,400. Chupa na vitu vidogo vidogo vikala zile mia sita zilizobaki. Pesa ya chama ikawa imeisha hivyo, kabla hata sijawasha jiko.

Kilo ya kwanza nilifanya kama vidio: mwaga kwa sufuria, kaanga, saga. Vile harufu ilianza kutoka, nikafikiri rangi ikiwa nyeusi zaidi na ladha itazidi. Nikaacha mpaka zikawa kahawia kama chai ya maziwa iliyokolea. Nikasaga, nikapeleka Nanyuki kwa matatu nikiwa na raha zangu. Mpishi akaweka kijiko mdomoni, akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, hii ni chungu. Rudi nayo."

Barabara ya kurudi ilikuwa ndefu, bana.

Nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa sufuria moja, na ilinichukua muda kuyatenganisha. Simsim ina uchungu wa aina tatu na kila mmoja una mahali pake. Wa kwanza ni wa ganda. Ile ngozi nyembamba ya nje ina madini ya oksaleti, na uchungu wake unakuja polepole, nyuma ya ulimi, na kuacha mdomo mkavu kama umetafuna ganda la karanga. Wa pili ni wa kuungua: huu unakupiga mara moja ukiingiza mdomoni, na una harufu ya moshi. Wa tatu ni wa mbegu zilizozeeka, mafuta yake yamechacha, na unaweza kuunusa kabla hata hujapika, harufu kama ya kalamu za nta za nasari. Yangu ilikuwa na wa kwanza na wa pili. Mbegu zenyewe zilikuwa safi. Huyo mama wa Karatina hana kesi.

Njia rahisi ya kujua ni kutafuna mbegu mbili mbichi kabla ya kuanza. Kama ni chungu hata kabla ya moto, ni ganda. Kama mbichi ziko sawa na zilizokaangwa ni chungu, ni wewe na moto wako.

Ganda likishasagwa ndani haliwezi kutoka. Unachoweza kufanya ni kuchanganya tahini hiyo nusu kwa nusu na nyingine ya mbegu zilizotolewa ganda, ama kuitumia mahali penye limau, chumvi na asali nyingi. Iliyoungua au iliyochacha usihangaike nayo, hakuna sukari itaificha. Yangu ilikuwa kati. Niliiweka kabatini nikaisahau.

Sasa kutoa ganda. Hii ndiyo sehemu ambayo ile vidio ilinificha, na ndiyo kazi yenyewe. Unaloweka simsim kwa maji masaa kama manne, mpaka ganda lilegee. Unamwaga maji, unazifunga kwa kitambaa kigumu na kuzisugua kama unafua soksi. Ukifungua unaona maganda yameanza kujitenga, lakini yamechanganyika na mbegu, na kuyachagua kwa mkono utamaliza mwaka ujao. Wazee wa kazi hii huko nchi za Kiarabu walipata dawa yake zamani: chumvi. Ukitengeneza maji ya chumvi mazito kabisa, mbegu iliyovuliwa ganda inaelea kwa sababu ina mafuta mengi, na ganda linazama. Mimi nilitumia pakiti ya kilo moja ya chumvi kwa lita nne na nusu za maji. Unamwaga simsim ndani ya beseni, unakoroga, unangoja dakika chache, halafu unaziopoa za juu kwa kichujio. Mara ya kwanza kuona vile zilivyopanda juu zikiwa nyeupe kama maziwa, nilipiga kelele mpaka mathe akatoka nje kuangalia kama nimeumwa na kitu.

Kisha suuza kwa maji safi mara tatu ama nne, ama tahini itakuwa ya chumvi. Maji ya chumvi usimwage, yanatumika kwa kilo inayofuata. Na ujue utapoteza uzito: kilo yangu moja ilinipa karibu gramu 800 za tahini.

Nikafikiri nimeshinda. Lakini ilikuwa Julai, na wewe kama umelala Nyeri Julai unajua: ukungu mpaka saa sita, jua linachungulia na kurudi ndani. Nilianika simsim kwa sinia kutwa nzima. Jioni nilizishika nikaona ziko sawa kwa juu, nikazikaanga haraka haraka, nikatia blenda.

Haikuteleza. Ilizunguka ikawa unga, unga ukawa donge, donge likagandamana chini ya visu, blenda ikaanza kunuka waya. Nikafanya kile mtu yeyote angefanya kama anatengeneza juisi: nikaongeza vijiko viwili vya maji. Manze, ilikuwa kama nimetia simiti. Ikakauka zaidi! Nikaongeza tena, ikawa udongo wa kufinyanga.

Sababu yake ni hii. Karibu nusu ya uzito wa simsim ni mafuta. Ukisaga, mafuta yanatoka, na vipande vidogo vya mbegu vinaelea ndani yake, ndiyo maana inateleza. Vipande hivyo vinapenda maji. Tone likiingia, vinalikimbilia na kushikana vyenyewe kwa vyenyewe. Chokoleti iliyoyeyuka hufanya hivyo hivyo ikiguswa na maji. Kwa hivyo mbegu zangu zilizobaki na unyevu ndani ziliharibu mambo hata kabla ya vile vijiko viwili.

Ikikupata, usitupe, lakini pia usiirudishe kwa chupa ya kuhifadhi, kwa sababu yenye maji inaharibika upesi. Igeuze kuwa mchuzi wa leo: endelea kuongeza maji baridi kidogo kidogo na limau, koroga bila huruma. Itapita ule ugumu, na ghafla italegea na kuwa nyeupe, laini. Tulikula na viazi vya kuchoma siku mbili. Ilikuwa tamu kusema ukweli, lakini hakuna mtu hulipa deni na viazi.

Zikabaki kilo mbili na siku tatu.

Safari hii nikakausha kwa moto. Baada ya kusuuza niliziacha zichuruzike usiku kucha kwa kitambaa karibu na jiko, asubuhi nikazitia kwa sufuria nzito, moto wa chini kabisa, nikikoroga kwa mwiko karibu dakika arobaini. Hapo si kukaanga, ni kukausha. Kipimo ni sikio na mkono: zenye unyevu zinashikana na hazina sauti, zilizokauka zinamwagika kama mchanga na kugonga sufuria. Zikifika hapo ndipo unaongeza moto kidogo, na sasa usiende popote, usijibu simu. Zinaanza kurukaruka, harufu ya njugu inatoka, rangi inakuwa ya biskuti nyepesi. Toa hapo. Zimwage kwa sinia pana mara moja, kwa sababu sufuria moto inaendelea kuzipika hata ukizima gesi. Hilo ndilo lililoniunguza mara ya kwanza.

Saga zikiwa bado vuguvugu. Baridi yetu inafanya mafuta kuwa mazito, na mbegu baridi zinakataa kuachilia. Nilitia gramu 250 kwa wakati. Kidogo zaidi na visu vinazungusha hewa. Dakika moja unasaga, unazima, unakwangua kando, unaacha mashine ipumue, unarudia. Kati ya unga na donge utafikiri imekwama. Hapo niliongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia, nikaendelea. Kama raundi ya sita ama ya saba, sauti ya blenda ikabadilika, ikawa ya chini, na ile kitu ikaanza kung'aa. Halafu ikamiminika. Karibu nilie.

Usiku ule ilikaa jikoni, na asubuhi ilikuwa ngumu tena. Moyo ukaniruka, lakini ilikuwa baridi tu. Nilisimamisha chupa zikiwa zimefungwa kwa sufuria ya maji moto, si ya kuchemka, dakika kumi, nikakoroga, zikarudi. Ukiona mafuta yamepanda juu pia usishtuke, korogea ndani tu, na kijiko kiwe kikavu.

Chupa tatu za nusu kilo. Mpishi alionja, akaonja tena, akaita mwenzake. Alilipa mia sita kila moja, 1,800. Ukitoa nauli, bado nilikuwa na hasara, na mathe alilazimika kuongeza zake Jumapili. Lakini ameagiza tatu nyingine kwa kila wiki mbili, na mara hii sitapoteza kilo mbili nikijifunza.

Jana nilipata mathe kwa meza na nduma na ile chupa ya kwanza, ile chungu, akichovya. Imebaki nusu. Nikamwambia kuna nzuri, nimemwekea.

"Hiyo yako haina ladha," akasema. "Wacha hii."